Jina la mtu haligawiki kwa kuhesabu nafasi



Kwa wiki mbili hizi nimefuatwa na watu watatu wenye suala moja. Wa kwanza ni katibu wa kikundi cha mwani hapa Kiuyu, wa pili ni mshika fedha wa kikundi cha kuweka na kukopa, na wa tatu ni muuza duka anayewakopesha wakulima unga na mchele hadi wakati wa mavuno. Kila mmoja ana orodha ya watu wake kwenye kompyuta, na jina lote limeandikwa katika safu moja tu: "Jina kamili". Sasa fomu waliyopewa inataka safu tatu: jina la kwanza, jina la kati na jina la mwisho. Wote wameuliza kama ipo njia ya kuyagawa bila kuandika upya jina moja moja.

Njia ipo, na nitakuonyesha. Lakini kwanza nikueleze kwa nini kazi hii ikifanywa haraka haraka mtu anaweza kukosa pesa yake.

Mwaka uliopita wanachama wawili wa kikundi kimoja walisubiri malipo ya mwani wa miezi miwili. Ni watoto wa ndugu wawili. Kwa heshima yao nitatumia majina ya kubuni: Juma Ali Juma na Juma Omar Juma. Babu yao ni Juma, na kila mtoto wake alimpa kijana wake wa kwanza jina la baba yake, kama tufanyavyo wengi wetu. Mnunuzi alikuwa na orodha yenye jina la kwanza na la mwisho tu, la kati liliachwa. Katika orodha hiyo wote wawili wakawa "Juma Juma". Aliyepanga malipo akaona jina limejirudia, akadhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, akafuta mstari mmoja. Mmoja alilipwa, mwenzake akaambiwa hayumo. Ilichukua zaidi ya mwezi kulimaliza, na katika mwezi huo maneno mabaya yalipita baina ya nyumba mbili za ukoo mmoja.

Basi somo la leo ni hili: kugawa ni kazi ya kompyuta, lakini kujua kipi ni jina na kipi si jina ni kazi yako.

Safu tatu zina maana gani kwetu

Fomu nyingi zimetungwa na watu ambao jina lao la mwisho ni la ukoo. Baba analo, mke akiolewa hulichukua, watoto wanalo, na wajukuu wanalo. Kwao ukipanga orodha kwa jina la mwisho, nyumba nzima inakaa pamoja.

Kwetu sivyo. Jina la kwanza ni lako, la pili ni la baba yako, la tatu ni la babu yako. Angalia vizazi vitatu vya mfano:

- Baba: Hamad Faki Salim
- Mtoto: Omar Hamad Faki
- Mjukuu: Faki Omar Hamad

Watu watatu wa nyumba moja, na jina la mwisho la kila mmoja ni tofauti. Mke wa Omar naye hayumo humo kabisa, kwa sababu mwanamke wa kwetu akiolewa hubaki na jina la baba yake na babu yake. Tazama viongozi tunaowajua: Rais Samia Suluhu Hassan na binti yake Wanu Hafidh Ameir hawashirikiani hata jina moja, maana binti amefuata jina la baba yake kama kawaida yetu. Kwa hiyo ukiambiwa ugawe mbegu "mfuko mmoja kwa kila nyumba", usitumie jina la mwisho kuhesabu nyumba. Utawapa baba na mtoto mifuko miwili, na utakuwa hujakosea hesabu, bali umekosea kipimo.

Desturi hii si ya kwetu peke yetu. Hata kule Iceland, Ulaya ya kaskazini, watu wengi hubeba jina la baba badala ya jina la ukoo, na kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Nami nakushauri hivyo hivyo: orodha yako ipange kwa jina la kwanza, kisha la kati.

Na hilo la kati ndilo la kulinda kuliko yote. Kwa kuwa tunapenda kuwapa wajukuu majina ya babu zao, jina la kwanza na la mwisho mara nyingi yanafanana. Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar aliyeapishwa 2021 ni Othman Masoud Othman. Ondoa la kati, unabaki na "Othman Othman", na ukoo mmoja unaweza kuwa na akina Othman Othman watatu wanaotofautishwa na baba tu. Fomu ikikwambia jina la kati si lazima, wewe lijaze.

Wapo pia wenye jina la ukoo hapa hapa Zanzibar. Rais wa kwanza alikuwa Abeid Amani Karume, na mwanawe aliyekuwa Rais kutoka 2000 hadi 2010 ni Amani Abeid Karume. Karume limebaki, na mawili ya mwanzo yamepishana. Mtu akibadilisha safu ya kwanza na ya pili kwa bahati mbaya, mtoto anageuka kuwa baba. Vile vile Ali Hassan Mwinyi na mwanawe Hussein Ali Mwinyi: kama wangefuata babu, mtoto angeitwa Hussein Ali Hassan. Hapa jina la tatu limeganda. Kompyuta haiwezi kujua la nani limeganda na la nani linasonga. Kitambulisho cha mwenyewe ndicho kinachojua.

Kabla ya kugawa: safisha

Tuseme jina kamili liko safu A, na mstari wa kwanza ni vichwa. Ongeza safu sita tupu mara baada ya A, ili namba za simu na vitu vingine visogee kulia. Usiifute safu A wala usiibadilishe hadi kazi iishe na malipo yapite. Hiyo ndiyo shahidi wako.

Katika B2 andika fomula hii, kisha iburute mpaka chini:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))
```

Inafanya mambo mawili. `TRIM` inaondoa nafasi za mwanzo, za mwisho, na zile mbili mbili za katikati. Sehemu ya `CHAR(160)` inageuza nafasi za aina nyengine, zile zinazokuja ukinakili majina kutoka kwenye ukurasa wa mtandao au ujumbe. Kwa macho zinafanana na nafasi ya kawaida, lakini kompyuta haizitambui, na utashangaa kwa nini jina moja halitaki kugawanyika. Kama kompyuta yako inakataa alama ya mkato ndani ya fomula, jaribu nukta mkato (;) mahali pake.

Sasa chagua safu B yote, inakili, kisha ibandike pale pale kwa `Paste Special`, `Values`. Maana yake fomula zinaondoka na yanabaki maandishi matupu. Usiiruke hatua hii, kwa sababu baadaye utahitaji kurekebisha majina kwa mkono ndani ya safu B.

Katika C2 hesabu maneno:

```
=LEN(B2)-LEN(SUBSTITUTE(B2," ",""))+1
```

Inapima urefu wa jina likiwa na nafasi, inatoa urefu wake bila nafasi, na inaongeza moja. Nafasi mbili ni maneno matatu.

Nilipofanya hivi na katibu wa mwani, orodha yake ilikuwa na watu 64. Watano walikuwa na maneno mawili, 46 matatu, 11 manne, na wawili maneno matano. Katibu akafurahi: "Bwana shamba, basi hawa 46 wameshakwisha, tubaki na 18." Nikamwambia asubiri. Maneno matatu si lazima yawe majina matatu.

Maneno yanayodanganya

Tuliwasoma wale 46 mmoja mmoja kwa sauti, na watano wakaonekana hawako sawa. Ninakupa aina zao kwa majina ya mfano, kwa sababu kila orodha ya Pemba ninayoishika inazo.

Ya kwanza ni jina moja lililoandikwa kwa maneno mawili. "Abdul Rahman Hamad" ni maneno matatu lakini majina mawili: Abdul Rahman, mtoto wa Hamad. Ukiligawa kwa nafasi tu, mtu anaitwa Abdul na baba yake anakuwa Rahman. Hali ni hiyo hiyo kwa "Abu Bakar", na kwa majina ya kike kama "Mwana Khamis" na "Bi Mkubwa". "Mwana Khamis Omar" ukiligawa vibaya, mwanamke anabaki na jina "Mwana", na sehemu ya jina lake inageuzwa baba. Hili linatokea sana katika vikundi vya mwani kwa kuwa wanachama wengi ni wanawake.

Ya pili ni heshima iliyoingia ndani ya jina. Mwenye daftari huandika kama anavyomwita mtu: "Bi Asha Khamis", "Mzee Kombo Faki", "Maalim Salim Said". Hapa Bi, Mzee na Maalim si majina, na yakiondolewa unagundua kwamba una majina mawili tu na jina la babu halipo.

Lakini hapa hapa pana mtego mwengine, nao ndio mbaya zaidi. Yapo maneno ambayo kwetu ni heshima na pia ni jina kamili la mtu. Haji ni aliyekwenda Makka, na pia ni jina la maelfu ya watu ambao hawajakwenda. Sheha ni kiongozi wa shehia, na pia ni jina. Sharif, Shehe, Mwalim na Mwinyi ni hivyo hivyo. Mkumbuke marehemu Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe hapa Pemba na kufariki Februari 2021. Sote tulimwita Maalim Seif. "Maalim" ni heshima, kwa sababu aliwahi kuwa mwalimu, na halimo katika jina lake. "Sharif" ni jina la baba yake. Mtu akifuta kila "Sharif" katika orodha kwa kudhani ni cheo, amemfutia mtu mzazi.

Kanuni yangu ni hii. Bi, Mzee na Bwana zikiwa mwanzoni, ziulize. Haji, Sharif, Sheha, Shehe, Mwalim na Mwinyi, usiziguse mpaka umeona kitambulisho. Na "Bi" usiiondoe kwa kutafuta na kufuta orodha nzima mara moja. Kompyuta itaitafuta hata ndani ya maneno, na Rabia wako atabaki "Raa".

Ya tatu ni maneno ya kuunganisha. Wazee wetu waliandikwa "Salim bin Said" na "Asha binti Juma", na katika daftari utaona pia "bt". "Bin" na "binti" yanaonyesha tu mtoto wa nani. Kama kitambulisho cha leo hakina "bin", iondoe. Kama kinayo, iache imeshikamana na jina linalofuata. Ndugu zetu walioko Oman mara nyingi majina yao kamili yana "bin" zaidi ya moja na mwisho wake kuna jina la kabila au ukoo lenye "Al" mbele, kama Al Harthy au Al Barwani. "Al" siku zote ni ya neno linalofuata: "Said Salim Al Harthy" ni maneno manne lakini majina matatu. Muuza duka anayepokea pesa kutoka Maskati alijue hili, kwa sababu jina la mtumaji likikatwa kwenye "Al", risiti na kitambulisho havitasema kitu kimoja.

Gundi, kisha kisu

Dawa ya majina ya maneno mawili ni kuyagundisha kabla ya kukata. Katika safu B, ile uliyoibandika kama maandishi, ondoa nafasi kati ya maneno ya jina moja na weka kistari cha chini: `Abdul_Rahman Hamad`, `Mwana_Khamis Omar`, `Said Salim Al_Harthy`. Kompyuta hukata penye nafasi, kwa hiyo kilichogundishwa kitapita kizima. Baada ya kukata, fomula itarudisha nafasi yenyewe. Ikiwa kitambulisho kinaliandika jina kwa neno moja, "Abdulrahman", liandike hivyo hivyo wala huhitaji gundi.

Ukifika hapo, weka fomula tatu. D2 ni jina la kwanza:

```
=SUBSTITUTE(TRIM(MID(SUBSTITUTE(B2," ",REPT(" ",50)),1,50)),"_"," ")
```

Kwa E2, jina la kati, nakili fomula hiyo hiyo na badilisha `1,50` iwe `51,50`. Kwa F2, jina la mwisho, iwe `101,50`. Hakikisha zote zinasoma B2.

Namna inavyofanya kazi ni kama kupanda mihogo kwa kamba. Badala ya nafasi moja baina ya maneno, fomula inaweka nafasi 50, hivyo maneno yanakuwa mbali mbali. Kisha inachukua kipande cha herufi 50 za kwanza, kipande cha pili, au cha tatu. Kila kipande kina neno moja tu na nafasi nyingi, na `TRIM` inazipangusa. Mwisho kistari cha chini kinageuka kuwa nafasi. Fomula hii inafanya kazi hata kwenye Excel za zamani zilizomo katika kompyuta nyingi za skuli na ofisi zetu.

Wengine watakwambia utumie `Data`, kisha `Text to Columns`. Inakata vizuri, lakini majina ya maneno manne na matano yatamwagika kulia, na kama namba za simu zipo hapo jirani zitaandikiwa juu. Kompyuta itakuuliza mara moja tu kama unataka kubadilisha vilivyopo. Watu wengi hubonyeza `OK` bila kusoma. Ndiyo maana naipenda fomula: haigusi kitu cha mtu mwengine.

Sasa weka ukaguzi katika G2:

```
=IF(TRIM(D2&" "&E2&" "&F2)=SUBSTITUTE(B2,"_"," "),"SAWA","ANGALIA")
```

Inayaunganisha tena majina matatu na kuyalinganisha na jina ulilolisafisha. Jina lenye maneno manne ambalo hukuligundisha litatoa `ANGALIA`, kwa sababu neno la nne limedondoka njiani. Lakini ujue mpaka wa ukaguzi huu. Unakwambia kama neno limepotea, haukwambii kama neno limekaa mahali pake. "Abdul Rahman Hamad" bila gundi litaandikiwa `SAWA` huku Rahman amekaa kwenye kiti cha baba. Ndiyo sababu ya kuwasoma wale wenye maneno matatu kwa sauti.

Waliobaki

Kwa katibu wetu walibaki watu 23 wa kuulizwa: wale 18 na wale watano. Tulifanya kwa simu mchana mmoja. Swali letu lilikuwa moja tu: "Tusomee kitambulisho chako kilivyoandikwa, neno kwa neno." Hatukuuliza "jina lako kamili nani", kwa sababu mtu hukwambia anavyoitwa nyumbani, na malipo hayaendi kwa jina la nyumbani.

Wenye maneno mawili, jina la babu huwa liko kwenye kitambulisho, basi liongeze. Usirudie jina la baba mara mbili ili kujaza kisanduku, wala usiweke nukta. Kwanza si kweli, pili unatengeneza mtu mpya ambaye hayupo. Ikiwa kitambulisho chenyewe kina majina mawili tu, muulize mwenye fomu anataka la pili likae safu ya kati au ya mwisho, na fanya hivyo kwa watu wote wa namna hiyo.

Wenye maneno manne ni wa aina mbili. Wengi ni wale wa gundi, na baada ya gundi wanakuwa watatu. Wengine kweli wana majina manne, kwa mfano wameongeza la babu wa baba au la ukoo: "Ali Hamad Ali Faki". Hapa usikate la mwisho kwa sababu tu fomu ina visanduku vitatu. Angalia kitambulisho kimeyagawaje, nawe gawa hivyo hivyo. Kama kimeweka yote kwa mstari mmoja, mimi huweka mawili ya mwisho pamoja katika safu ya mwisho, `Ali_Faki`, ili hakuna neno linalopotea. Kisha namjulisha mwenye fomu kwa maandishi kwamba nimefanya hivyo.

Wapo pia majirani zetu kutoka Bara, wavuvi na wafanyakazi, na kwao usitumie kanuni ya baba na babu. Julius Kambarage Nyerere: Julius ni jina la ubatizo, Kambarage ni alilopewa na wazazi wake, na Nyerere ni jina la baba. La kati si la baba. Marehemu Rais Magufuli aliitwa John Pombe Joseph Magufuli, majina manne, na Joseph Magufuli ndiye baba yake. Kwao nao, kitambulisho ndicho mwamuzi.

Usisahihishe tahajia

Neno moja la mwisho. Ukiwa unasafisha, mkono utakuwasha kusawazisha majina: Moh'd uandike Mohamed, Abdalla uongeze h, Hamisi ugeuze Khamis. Kifupisho cha daftari kama "Moh'd" au "Kh." kifungue, lakini kifungue kama kitambulisho kinavyosema, si kama unavyopenda wewe. Mtu aliyeandikwa Mohammed kwa m mbili ni Mohammed. Mashine inayolinganisha jina lako na la laini ya simu haijui kwamba ni jina lile lile la Mtume. Inahesabu herufi tu.

Na kwa kuwa majina yetu yanafanana sana, usikubali orodha yoyote ya malipo isiyo na namba ya kitambulisho na namba ya simu mbele ya kila jina. Jina ni la kumwita mtu. Namba ndiyo ya kumtofautisha Juma Ali Juma na Juma Omar Juma pale mtu mwengine atakapoifungua orodha yako bila wewe kuwepo.

Wale wa kikundi cha mwani orodha yao imekwenda, mistari 64, na safu A ya majina ya asili imehifadhiwa kwenye faili jengine kwa katibu. Wewe ukikwama kwenye fomula, niandikie hapa chini au nifuate ofisini Jumatatu. Njoo na faili lako, na kwa wale wenye majina ya utata njoo umeshawauliza, kwa sababu mimi pia siwezi kukisia baba wa mtu.